Mshahara wa Siku 31

Ndugu askari na polisi, tumchukue kijana mmoja wa mfano. Ni mseja, amepanga chumba Kanyosha na kazi yake iko katikati ya mji wa Bujumbura. Baada ya makato yote hupokea faranga 400,000. Kiasi hiki si mshahara wa cheo chochote, wala bei zitakazotajwa si za soko fulani. Vimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa wepesi. Msomaji ataweka vyake mahali pake.

Siku ya mshahara, kabla hajanunua kitu, kijana huyu hutenga mafungu mawili yasiyojadiliwa. La kwanza ni chumba, pamoja na maji na umeme: 100,000. La pili ni akiba: 40,000. Akiba hutolewa mwanzo kwa sababu kinachongojewa kibaki mwishoni mwa mwezi hakibaki.

Fungu la tatu ni nauli, nalo huhesabiwa kwa safari. Akienda kazini siku 26, kwenda na kurudi, hizo ni safari 52. Kwa nauli ya 700, jumla ni 36,400. Hata hivyo yeye hutenga 50,000. Waliosimama vituoni katika miaka ya 2024 na 2025, mafuta yalipoadimika na mabasi yakapungua, wanajua kwamba nauli ya kawaida haitoshi siku ambayo basi halikuja na zamu haingoji. Zile 13,600 zilizozidi ni za siku hizo. Zisipotumika, huingia katika akiba.

Sasa yamebaki 210,000. Kijana anatenga 30,000 kwa sabuni, simu na michango ya harusi na misiba, na 180,000 kwa chakula na makaa. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, wala si kwa ulafi, bali kwa kugawanya vibaya.

Desturi ni kusema kwamba mwezi una juma nne, hivyo kila juma lipate 45,000. Lakini juma nne ni siku 28 tu. Mwezi wa siku 31 huacha siku tatu zisizo na senti, na katika siku hizo kijana hufungua daftari dukani. Yafaa agawe 180,000 kwa siku 31: inakuja takriban 5,800 kwa siku, yaani 40,600 kwa juma. Baada ya juma nne atakuwa ametumia 162,400, na 17,600 zitangojea siku tatu za mwisho.

Tuone asipofanya hivyo. Tuseme miezi inafuatana, yote ya siku 31, na mwezi wa kwanza anakopa zile 17,600. Mshahara ukija, analipa deni kutoka fungu la chakula, kisha anaendelea kula 45,000 kwa juma. Mwisho wa mwezi wa pili upungufu umekuwa 35,200. Mwezi wa tatu umefika 52,800, nao umeipita akiba ya mwezi mzima. Hakunywa pombe, hakucheza kamari, aliisahau kalenda. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: mwezi wa kwanza deni la dukani huanza kuandikwa tarehe 28 au 29, na kila mwezi huwa kubwa kuliko la mwezi uliopita.

Limebaki swali la mahali pa kuweka akiba. Mwezi Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliziondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000, na watu wakapewa siku 10 kuzipeleka benki. Aliyekuwa kazini mbali, na fedha yake imefichwa chini ya godoro mjini, aliuona ugumu wa siri yake. Kwa askari, ambaye huweza kuhamishwa wakati wowote, akiba na ikae katika akaunti, si chumbani.

Lakini hata katika akaunti faranga hupungua nguvu bei zinapopanda. Kwa hiyo kijana wetu huacha humo fedha ya miezi miwili au mitatu ya chakula kwa ajili ya dharura. Zikizidi hapo, hungojea mavuno ya maharage, karibu na Januari au Juni, bei inaposhuka, akanunua ya miezi kadhaa. Huyaanika yakakauka sawasawa na kuyafunga vizuri. Akiona vitundu katika punje, fukusi wameingia. Na ayale mapema, maana hiyo ni akiba inayoliwa na mwingine.

Jioni ya siku ya mshahara, mafungu yote matano huandikwa kwenye karatasi moja. Jumla yake iwe 400,000 kamili. Ikizidi hata kwa faranga 100, kuna fungu linalotegemea deni.