Kuchanganya Rangi Mbili za Nywele: Kipimo Ndicho Kiamuzi

Mama mmoja wa jamaa zetu alikuwa na arusi ya bintiye baada ya wiki mbili. Nusu ya nywele zake ni mvi, nyingi zikiwa mbele na karibu na masikio. Alitaka kuzitia rangi, lakini hakutaka ziwe nyeusi ti. Wengi wetu huepuka weusi mtupu kwa kufuata mafunzo ya Mtume (S.A.W.), na isitoshe, alikuwa ameshaona yaliyompata dada yake. Dada huyo alinunua rangi nambari 3, iliyoandikwa kuwa ni kahawia iliyokoza. Alipoosha nywele, mvi zilitoka nyeusi kama piko. Nambari 5 nayo, mama yetu aliiona nyepesi mno kwa umri na uso wake. Alichokitaka kilikuwa baina ya hizo mbili, tena karibu zaidi na nambari 5. Tuliamua kumchanganyia.

Kwanza tuzielewe nambari zenyewe. Katika rangi nyingi za kudumu, nambari 1 ni nyeusi kabisa, na kadiri nambari inavyopanda ndivyo rangi inavyozidi kuwa nyepesi. Nambari inayofuata nukta hueleza mwelekeo, kama vile udhahabu au wekundu, nayo hutofautiana baina ya watengenezaji. Sisi tulichukua 3 na 5 zisizo na mwelekeo wowote, zote mbili za mtengenezaji mmoja na za aina moja. Sharti hili si dogo. Rangi za aina moja hutumia maji ya kuchanganyia yaleyale, kwa kipimo kilekile na kwa muda uleule. Ukichukua tyubu ya aina hii na tyubu ya aina ile, moja huenda ikataka maji sawa na uzito wake na nyingine ikataka mara moja na nusu, na hapo hakuna atakayejua mchanganyiko utatoka vipi.

Mtu hudhani kwamba 3 na 5 zikichanganywa nusu kwa nusu zitatoa 4 barabara. Sivyo ilivyo. Rangi iliyokoza hubeba viini vingi zaidi vya rangi kuliko iliyo nyepesi, kwa hiyo huitawala. Mfano wake ni wino uliotiwa katika maziwa: wino kidogo huonekana mara moja, lakini maziwa kidogo ndani ya wino hayaonekani. Ndiyo maana anayetaka rangi ya kati huanza kwa kuzidisha ile nyepesi.

Badala ya kubahatisha kichwani, tulifanya majaribio. Tulikata vishungi vitatu vyembamba vya mvi nyuma ya masikio, mahali pasipoonekana, tukavifunga uzi kila kimoja. Kwa mizani ndogo ya jikoni tulipima mchanganyiko wa kwanza: gramu 3 za nambari 3 na gramu 3 za nambari 5. Wa pili ulikuwa gramu 2 kwa gramu 4, na wa tatu gramu 1.5 kwa gramu 4.5. Kila bakuli tuliongeza gramu 6 za maji ya kuchanganyia ya asilimia 6, kwa kuwa maelezo ya rangi ile yalitaka uzito sawa. Bakuli ziwe za plastiki au za kigae, wala si za madini. Tukasubiri dakika 35 kama ilivyoandikwa, tukaosha, tukakausha, kisha tukavitazama vishungi vyetu barazani kwa mwanga wa mchana.

Kukausha ni lazima, kwani nywele zilizolowa huonekana nyeusi kuliko zilivyo. Wala msiihukumu rangi ikiwa bakulini, kwa sababu huanza nyeupe kama malai na kugeuka nyeusi kila inapopata hewa.

Kishungi cha kwanza, cha nusu kwa nusu, kilikaribia sana weusi ule wa dada. Cha pili kilitoka kahawia ya wastani. Cha tatu kilikuwa kahawia yenye uhai, iliyokoza bila ya kuwa nyeusi. Mama alikishika kando ya uso wake mbele ya kioo, akasema, "Hiki ndicho changu."

Kipimo chetu basi kikawa sehemu 1 ya nambari 3 kwa sehemu 3 za nambari 5. Kwa kichwa chake tulihitaji gramu 60 za rangi, yaani gramu 15 za nambari 3 na gramu 45 za nambari 5, pamoja na gramu 60 za maji. Hapa ndipo mizani inapodhihirisha faida yake. Lau tungekisia kwa macho, tukaweka gramu 20 kwa gramu 40, tungekuwa tumerudi kwenye kishungi cha pili kwa kosa la gramu 5 tu. Mwenye nywele ndefu atayarishe rangi zote mbili kwa wingi unaotosha kabla ya kuongeza maji, asije akakwama katikati na kuanza kukisia upya.

Kuna jambo jingine la kulitarajia. Mchanganyiko huu huonekana kwenye mvi, kwa kuwa mvi hazina rangi ya kushindana nao. Nywele ambazo bado ni nyeusi hazitageuka kahawia. Pengine zitapata mng'ao mwekundu kidogo juani. Kwa hiyo kichwa cha mama yetu hakikuwa cha rangi moja kama kofia. Kilikuwa na weusi wake wa asili uliopitiwa na nyuzi za kahawia, na hilo ndilo lililomfanya aonekane kama hakutia rangi.

Kabla ya hayo yote, tulimpaka mama tone la mchanganyiko nyuma ya sikio na kusubiri saa 48. Rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD, na piko nyingi zinazopakwa mikononi huwa nayo pia. Aliyewahi kuvimba, kuwashwa au kutoka malengelenge kwa sababu ya piko asitumie rangi hizi kabisa, hata kwa majaribio, kwani mara ya pili madhara huweza kuwa makali zaidi. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu katika saa hizo 48, shughuli iishie hapo.

Rangi iliyobaki bakulini imwagwe. Viini vyake huanza kuungana pale maji yanapoingia, na baada ya muda havipenyi tena ndani ya unywele. Kuifungia chupani ni hatari, maana hutoa hewa inayoweza kuipasua chupa.

Tuliandika kipimo chake kwenye karatasi: 3 na 5, moja kwa tatu, dakika 35. Mvi mpya zikichomoza, mchanganyiko huo utapakwa kwenye mashina pekee, kwani ncha zikipakwa kila mara hulimbikiza rangi na kuwa nyeusi. Na ikiwa kuna shaka baina ya vipimo viwili, chagueni kilicho chepesi. Rangi nyepesi huweza kukozwa siku nyingine, lakini nywele zilizokwisha kuwa nyeusi hazirudishwi nyuma kwa kupakwa rangi nyepesi juu yake.