Kusoma Mchoro wa Sankey na Kuhakiki Mizania Yake: Mfano wa Tanuri la Mkaa

Mchoro wa Sankey huonyesha mtiririko wa nishati kwa mishale ambayo upana wake unalingana na kiasi kinachobebwa. Jina lake linatokana na mhandisi Matthew Sankey, ambaye mwaka 1898 alitumia mchoro wa aina hiyo kuonyesha jinsi joto linavyogawanyika katika injini ya mvuke. Msomaji huanza kwa kutambua kipimo na skeli, kisha husimama katika kila mahali mishale inapogawanyika na kulinganisha jumla ya inayoingia na jumla ya inayotoka.

Mfano wa tanuri la udongo la kuchomea mkaa unatosha kulifafanua jambo hili. Tanuri linapakiwa kilo 1,000 za magogo makavu yenye megajuli 15 kwa kilo, yaani megajuli 15,000. Kwa skeli ya milimita 1 kwa megajuli 500, mshale unaoingia una upana wa milimita 30. Zinatoka kilo 150 za mkaa zenye megajuli 30 kwa kilo, sawa na milimita 9, na kilo 50 za vipande visivyoiva zenye megajuli 20 kwa kilo, sawa na milimita 2. Mshale wa moshi na joto linalopotea unabaki na milimita 19, na mizania inafunga.

Ikumbukwe kwamba mkaa huo ni asilimia 15 ya uzito wa magogo, lakini ni asilimia 30 ya nishati yake. Mchoro unaochanganya vipimo hivi viwili hauwezi kuhakikiwa kabisa.

Hata hivyo, kufunga kwa mizania si ithibati ya usahihi. Mshale wa moshi haukupimwa. Ulipatikana kwa kutoa, hivyo hesabu ilikuwa lazima ifunge. Iwapo magogo yalikuwa mabichi, yenye unyevu wa takribani asilimia 40, thamani yake hushuka hadi karibu megajuli 10 kwa kilo. Nishati iliyoingia ni megajuli 10,000 tu, mshale wa moshi ni milimita 9 badala ya 19, na mkaa umebeba asilimia 45 ya nishati. Michoro yote miwili inafunga, ingawa mmoja unalilaumu tanuri kwa hasara ambayo haikutokea.

Kwa hiyo swali la mtahini lielekezwe kwenye mshale wa salio: je, kuna kipimo chochote kilichofanywa nje ya kutoa? Kwa tanuri, kipimo cha awali ni rahisi: sampuli ya magogo hupimwa uzito siku ya kupakia, hukaushwa katika oveni kwa nyuzijoto 105 hadi uzito usibadilike tena, kisha hupimwa upya. Tasnifu isiyotaja unyevu huo haina msingi wa kuchora mshale wa kwanza.