Siku za Kuchelewa Zihesabiweje?

Katika daftari la kuazimisha vitabu, safu iitwayo "tarehe ya kurudisha" huzua ugomvi: ni siku ya mwisho, au ni siku kitabu kilipoletwa? Ziwe safu mbili. Tuseme mwanafunzi anayeishi Nakivale aliazima kitabu mjini Mbarara tarehe 3 Mei kwa siku 14. Siku ya mwisho ni 17 Mei. Akikileta tarehe 22, amechelewa siku 5, wala si 6, kwani tarehe 17 ilikuwa bado haki yake. Kwa shilingi 200 kwa siku, anadaiwa 1,000. Karani asiandike faini kwa wino kabla kitabu hakijarudi. Kesho yake itakuwa imeongezeka. Mwenye vitabu viwili apewe mistari miwili, ndipo deni lijumlishwe.