Kasi mbili za nyotamkia ya Halley

Tarehe 9 Desemba 2023 nyotamkia ya Halley ilifika ncha ya mbali ya njia yake, nje kabisa ya sayari ya Neptuni, kiasi cha kilomita milioni 5,260 kutoka kwenye Jua. Huko ilikuwa ikijikokota kwa mita 910 tu kila sekunde. Sasa inarudi. Tarehe 28 Julai 2061 itapita karibu na Jua, umbali wa kilomita milioni 88, katikati ya njia ya Utaridi na njia ya Zuhura, na hapo itakuwa ikikimbia kilomita 54.5 kwa sekunde. Kwa mwendo wa kwanza ingelizunguka tumbo la Dunia kwa saa 12. Kwa mwendo wa pili ingemaliza kwa dakika 12.

Hakuna chombo kilichotumwa kule mbali kwenda kuupima mwendo huo. Namba hizi mbili hutolewa kwa kalamu na karatasi, mradi ujue mambo matatu: umbali wa nyotamkia inapokuwa karibu zaidi na Jua, umbali wake inapokuwa mbali zaidi, na nguvu ya mvutano wa Jua lenyewe. Kazi hiyo hufanywa na sheria mbili za fizikia, na uzuri wake ni kwamba kila moja peke yake haitoshi.

Njia ya nyotamkia hii ni duaradufu ndefu na nyembamba, na Jua haliko katikati yake bali limejibanza karibu na ncha moja. Kwa hiyo umbali kati ya Jua na nyotamkia hubadilika kila siku, na nguvu ya mvutano hubadilika pamoja nao. Hata hivyo, mvutano huo una tabia moja isiyobadilika: wakati wote unaelekea kwenye Jua moja kwa moja. Hauisukumi nyotamkia mbele katika kulizunguka Jua, wala hauirudishi nyuma. Ni kama mtu anayeusukuma mlango kuelekea kwenye bawaba zake. Hata akitumia nguvu zake zote, mlango hauzunguki.

Kwa kuwa hakuna kinachouongeza wala kuupunguza mzunguko, kipo kiasi kinachobaki vilevile safari nzima. Wanafizikia hukiita momenta ya mzunguko. Kwenye ncha mbili za duaradufu, kukipata ni rahisi sana, kwa sababu pale nyotamkia haisogei kuelekea Jua wala kulikimbia. Inapita kwa kukatisha, ikifanya pembe mraba na mstari unaoiunganisha na Jua. Basi unazidisha umbali kwa kasi, na jibu la ncha moja ni sawa na jibu la ncha nyingine. Tukiita umbali wa karibu r₁ na kasi yake v₁, umbali wa mbali r₂ na kasi yake v₂, tunaandika:

r₁ × v₁ = r₂ × v₂

Gawanya milioni 5,260 kwa milioni 88, utapata karibu 60. Umbali ukiwa mara 60, kasi lazima iwe sehemu moja ya 60. Ndiyo maana saa 12 za kule mbali zimegeuka dakika 12 za karibu na Jua.

Lakini sheria hii inatupa uwiano tu. Inatuambia kwamba kasi moja ni mara 60 ya nyingine, ila haituambii kama ni kilomita 60 na kilomita 1, au kilomita 600 na kilomita 10. Njia zote hizo zingetii uwiano uleule. Hapa ndipo tunapoihitaji sheria ya pili, ile ya nishati.

Nyotamkia ina nishati ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mwendo: nusu ya kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, kwa kila kilo ya uzito wake. Ya pili inatokana na mvutano, na hiyo huandikwa kwa alama ya kutoa, kama deni: nguvu ya Jua igawanywe kwa umbali. Kadiri nyotamkia inavyolikaribia Jua, deni hukua na mwendo huongezeka kwa kiasi kilekile. Ikijitenga, deni hupungua na mwendo hupungua. Jumla ya viwili hivyo haibadiliki:

½v₁² − GM/r₁ = ½v₂² − GM/r₂

Herufi GM ni nguvu ya mvutano wa Jua. Tukitumia kilomita na sekunde, thamani yake ni bilioni 132.7. Uzito wa nyotamkia haumo popote katika hesabu hii, maana umejifuta pande zote mbili. Kokoto iliyowekwa kwenye njia hiyohiyo ingekwenda kwa kasi hiyohiyo.

Sasa tuingize namba. Bilioni 132.7 ukizigawanya kwa milioni 88 unapata 1,508. Ukizigawanya kwa milioni 5,260 unapata 25.2. Tofauti yake ni kama 1,483, na hicho ndicho kiasi cha nishati ambacho kila kilo ya nyotamkia inageuza kuwa mwendo inapotoka ncha ya mbali hadi ncha ya karibu. Kwa kuwa nishati ya mwendo ni nusu ya kasi mara kasi, tunazidisha kwa mbili: v₁² ni kubwa kuliko v₂² kwa 2,966.

Hapo turudi kwenye sheria ya kwanza. Ilisema v₁ ni mara 60 ya v₂, kwa hiyo v₁² ni mara 3,600 ya v₂². Tofauti kati yao, basi, ni v₂² mara 3,599. Gawanya 2,966 kwa 3,599, upate 0.824. Tafuta kipeo cha pili chake: 0.91. Hiyo ndiyo kasi ya kule mbali, kilomita 0.91 kwa sekunde. Izidishe kwa 60 bila kuipunguza tarakimu, na kilomita 54.5 za karibu na Jua zinajitokeza. Hesabu imekwisha.

Linganisha majibu haya na mwendo wa kitu ambacho kingelizunguka Jua kwa duara kamili. Kwenye umbali wa kilomita milioni 88, mzunguko wa duara unahitaji kilomita 38.8 kwa sekunde. Nyotamkia ina 54.5, imezidi mno, ndiyo maana Jua haliwezi kuibakiza pale na inapanda kwenda zake. Kule kwenye ncha ya mbali, duara lingehitaji kilomita 5 kwa sekunde. Nyotamkia haina hata kilomita moja, kwa hiyo inaanza kuanguka kurudi. Anayechukua kanuni ya duara na kuitumia kwenye ncha za duaradufu hukosea kwa namna hiyo: karibu na Jua anapata kasi ndogo mno, na mbali na Jua anapata kasi kubwa mno.

Upo mwendo mwingine wa kuangalia, ule unaotosha kulitoroka Jua moja kwa moja. Kwenye kilomita milioni 88, ni kilomita 54.9 kwa sekunde. Nyotamkia ya Halley hupita hapo ikiwa imepungukiwa na chini ya nusu kilomita kwa sekunde ili isirudi tena milele. Ndiyo sababu muda wa safari yake hauwi sawasawa kila mara: badiliko dogo la kasi karibu na Jua hugeuka kuwa miezi au hata miaka kwenye mzunguko mzima.

Na hapo ndipo sheria zetu mbili zinapofikia mpaka wake. Zinachukulia kwamba kuna Jua na nyotamkia tu, hakuna kingine kinachovuta. Edmond Halley alipotangaza mwaka 1705 kwamba nyotamkia iliyoonekana 1682 ingerudi mwaka 1758, alijua kwamba Mshtarii ingeweza kuibughudhi njiani. Mfaransa Alexis Clairaut, akisaidiwa na Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute, alikokotoa mvuto wa Mshtarii na Zohali kwa miezi mingi na kusema kwamba itapita karibu na Jua katikati ya Aprili 1759. Ilipita tarehe 13 Machi. Walikosea kwa mwezi mmoja katika safari ya miaka 76. Siku hizi kompyuta hujumlisha mivuto ya sayari zote, na huongeza pia msukumo wa gesi zinazofoka kutoka kwenye barafu ya nyotamkia inapopata joto.

Kosa lingine huwapata wanaofanya hesabu hii kwa satelaiti. Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya Marekani, ilirushwa mwaka 1958, ikawa inapita kilomita 358 juu ya uso wa Dunia kwenye ncha ya karibu na kilomita 2,550 kwenye ncha ya mbali. Ukigawanya namba hizo unapata 7, na utadhani kasi zinatofautiana mara saba. Si kweli. Umbali hupimwa kutoka katikati ya kinachovuta, si kutoka juu yake. Ongeza kilomita 6,371 za nusu kipenyo cha Dunia, na uwiano unashuka hadi 1.33. Kasi zake halisi zilikuwa kama kilomita 8.2 na 6.2 kwa sekunde.

Tena, kuzidisha umbali kwa kasi bila kuangalia pembe kunakubalika kwenye zile ncha mbili tu. Kwingineko nyotamkia husafiri kwa mshazari, ama ikilielekea Jua au ikilikimbia, na ni ile sehemu ya kasi inayokatisha tu ndiyo inayohesabiwa. Nishati haina sharti hilo, haijali pembe. Kwa hiyo ukitaka kujua kasi ya nyotamkia inapofika umbali wa Dunia, kilomita milioni 149.6 kutoka kwenye Jua, tumia nishati peke yake. Jibu ni kilomita 41.5 kwa sekunde.

Jibu hilo unaweza kulihakiki bila kungoja 2061. Vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley bado linasafiri kwenye njia zinazokaribiana na yake, na Dunia hukatisha humo kila mwaka, mapema mwezi Mei na tena karibu na tarehe 21 Oktoba. Dunia inakwenda kilomita 30 kwa sekunde upande mmoja, vumbi linakuja kilomita 41.5 upande unaokaribia kuwa kinyume chake. Zingegongana uso kwa uso, zingekutana kwa kilomita 71.5, kwa kuwa zinakutana kwa pembe kidogo, vimondo hivyo huingia angani kwetu kwa kilomita 66 hivi kwa sekunde. Ukiwa Afrika Mashariki, toka nje kabla ya alfajiri kati ya tarehe 4 na 7 Mei, mbali na taa za mji, utazame mashariki. Vile vinavyopita upesi mno na kuacha mkia unaodumu kidogo, vingi vyake vimetoka kwa Halley.