Vanadiamu: Metali Moja, Rangi Nne

Ndani ya chupa ya maabara kuna asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, na humo imeyeyushwa chumvi kidogo iitwayo amoniamu vanadeti. Maji yake ni ya njano. Mwalimu anatia vipande vya zinki, anaziba mdomo wa chupa kwa pamba, kisha anaipasha moto kidogo huku akiitikisa polepole. Njano inageuka kijani. Kijani kinageuka buluu safi. Buluu nayo inakuwa kijani tena, lakini cha aina nyingine, na mwishowe, ikiwa zinki inatosha, chupa nzima inakuwa ya urujuani.

Hakuna rangi iliyotiwa humo. Metali inayobadilisha sura ni moja tu, vanadiamu, na atomu zake hazikuongezeka wala kupungua. Zinki imekuwa ikiipa kila atomu ya vanadiamu elektroni: moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Chaji yake imeshuka kutoka 5 hadi 4, kutoka 4 hadi 3, na kutoka 3 hadi 2, na kila chaji ina rangi yake.

Rangi hizi ziliwahi kumkosesha mtu haki yake. Mwaka 1801 Andrés Manuel del Río, mwanasayansi aliyekuwa Meksiko, aliigundua metali hii katika madini ya risasi. Kwa kuwa chumvi za kromiamu nazo zina rangi nyingi, mkemia mmoja wa Ufaransa alitangaza kwamba alichokiona del Río kilikuwa kromiamu tu, na del Río akakubali. Mwaka 1830 Nils Gabriel Sefström wa Uswidi aliikuta tena ndani ya chuma na kuipa jina tunalolitumia leo. Ilibainika baadaye kwamba del Río alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Vanadiamu ni mojawapo ya metali za mpito, lile kundi la katikati ya jedwali la elementi ambamo wamo pia chuma, shaba, kromiamu, manganizi na kobalti. Ili kuelewa kwa nini metali hizi zina ioni za chaji mbalimbali, tuilinganishe na kalsiamu, metali ya chokaa na mifupa. Kung'oa elektroni ya kwanza kwenye atomu za kalsiamu hugharimu kilojuli 590 kwa kila moli. Ya pili hugharimu 1,145. Ya tatu inaruka hadi 4,912, kwa sababu elektroni za nje zimekwisha na sasa inabidi kuvunja tabaka la ndani, lililoshikwa kwa nguvu na kiini. Hakuna mmenyuko wa kawaida wa kemia unaoweza kulipa gharama hiyo. Ndiyo maana katika chumvi zake kalsiamu huwa na chaji ya 2, si zaidi.

Sasa tazama vanadiamu. Elektroni ya kwanza ni kilojuli 651, ya pili 1,414, ya tatu 2,828, ya nne 4,507, ya tano 6,299. Gharama inapanda, lakini inapanda hatua kwa hatua. Mruko unakuja kwenye elektroni ya sita, inayodai 12,363, karibu mara mbili ya ile ya tano. Sababu ni kwamba vanadiamu ina elektroni tano za nje zilizogawanyika katika makundi mawili: mbili ziko katika kundi liitwalo 4s na tatu katika kundi la 3d. Nishati za makundi haya zinakaribiana sana, kwa hiyo baada ya mbili za mwanzo kuondoka, zile tatu za 3d nazo zinaweza kuondoka moja baada ya nyingine. Zikishatoka zote tano, mlango unafungwa.

Gharama hiyo inalipwa na majirani wa ioni. Ioni ndani ya maji haikai peke yake. Molekuli za maji huizunguka, upande wao wenye oksijeni ukiielekea, na kadiri chaji ya ioni inavyokuwa kubwa ndivyo zinavyovutwa kwa nguvu na kuachia nishati nyingi zaidi. Gharama ya kung'oa elektroni moja zaidi na malipo yanayotoka kwa majirani hukaribia kulingana, na hapo mshirika mdogo tu katika mmenyuko anatosha kuamua vanadiamu isimame wapi. Ukitumia zinki, inashuka mpaka 2. Ukitumia bati badala ya zinki, inaishia 3, na chupa inabaki ya kijani. Ukitumia chumvi ya aiodini, yaani aiodidi, inaishia 4, na vanadiamu yenyewe inabaki ya buluu, ingawa aiodini inayotokea huificha kwa rangi yake ya kahawia. Mwenye kuifahamu ngazi hii anaweza kuchagua atue kwenye kidato gani.

Ioni yenye chaji ya 5 haipatikani uchi katika maji. Inavuta oksijeni kwa nguvu kiasi cha kuichukua kutoka kwenye maji yenyewe, na katika asidi huwa ni VO₂⁺. Ile ya chaji ya 4 nayo hushika oksijeni moja na kuwa VO²⁺. Ni zile za chaji 3 na 2 tu zinazokaa katikati ya molekuli sita za maji, mbili kwa kila mhimili: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma.

Mpangilio huo wa majirani sita ndio mwanzo wa rangi. Kundi la 3d lina maeneo matano ambamo elektroni zinaweza kukaa, na kila eneo lina mwelekeo wake. Ioni ikiwa peke yake, maeneo yote matano yana nishati sawa. Molekuli sita za maji zikiizunguka, maeneo mawili yanajikuta yameelekea moja kwa moja kwenye oksijeni, na kwa kuwa elektroni hukimbizana na elektroni nyingine, kukaa humo kunahitaji nishati zaidi. Mengine matatu yanapita katikati ya molekuli hizo na kupata nafuu. Basi panazuka pengo la nishati kati ya matatu ya chini na mawili ya juu.

Ukubwa wa pengo hilo katika metali nyingi za mpito unalingana na nishati ya mwanga tunaouona. Mwanga mweupe unapopita kwenye chupa, elektroni iliyo chini inameza sehemu ya mwanga yenye nishati inayoitosha kuruka juu, na sehemu nyingine inapita. Macho yetu yanapokea kilichobaki. Ioni ya vanadiamu yenye chaji ya 2 inameza hasa mwanga wa katikati, kijani na njano, na kutuachia urujuani. Ile ya chaji ya 3 inameza sehemu mbili, moja upande wa zambarau na nyingine upande wa machungwa na nyekundu, na kijani kinapita katikati yake. Ile ya chaji ya 4 inameza upande wa nyekundu, ndiyo maana ni ya buluu.

Hapa wanafunzi wengi hukosea, na kosa hilo hupoteza alama kwenye mitihani. Huandika kwamba elektroni hupanda, kisha hushuka na kutoa mwanga wa rangi tunayoiona. Hivyo ndivyo ilivyo kwa chumvi inayounguzwa katika ndimi za moto. Katika chupa yetu, nishati iliyomezwa huishia kuwa joto dogo katika maji, na rangi ni ule mwanga ambao haukumezwa.

Maelezo haya yana mipaka yake. Zinki iliyokuwa inayeyuka katika chupa hiyohiyo haikuongeza rangi yoyote, kwa sababu maeneo yake matano ya 3d yamejaa elektroni kumi na hakuna nafasi ya kurukia. Kwa mantiki hiyo, vanadiamu yenye chaji ya 5, ambayo haina hata elektroni moja ya 3d, isingekuwa na rangi. Lakini ni ya njano. Hapa elektroni inayoruka ni ya oksijeni: mwanga wa upande wa zambarau na buluu unaipa nguvu ya kuhamia kwa muda kwenye vanadiamu. Rangi kali ya pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kusafishia vidonda, hutokea kwa njia hiyohiyo.

Kijani cha kwanza katika jaribio letu nacho hudanganya. Si ioni mpya. Ni njano ambayo haijaisha ikichanganyika na buluu iliyoanza kutokea. Utakijua kwa kuwa kinafuatwa na buluu. Kijani cha kweli cha chaji ya 3 huja baada ya buluu kupita. Na urujuani usipozibwa vizuri hurudi kuwa kijani, kwa kuwa oksijeni ya hewani huinyang'anya vanadiamu elektroni ileile iliyopewa na zinki. Pamba iwe nyepesi tu, gesi ya haidrojeni ipate njia ya kutoka, na moto wa wazi usikaribie mdomo wa chupa. Chumvi za vanadiamu ni sumu, kwa hiyo jaribio hili ni la maabara, si la jikoni.

Rangi haitegemei metali na chaji peke yake. Majirani wakibadilika, pengo nalo hubadilika. Mrututu unaonyesha jambo hili vizuri. Ukipashwa moto mpaka maji yake yatoke, buluu inapotea na unga unakuwa mweupe. Shaba ni ileile na chaji yake ni 2 vilevile, ila bila maji pengo limepungua, na mwanga unaomezwa sasa ni ule usioonekana kwa macho. Tone la maji linarudisha buluu.

Mirerani, mkoani Manyara, vanadiamu inafanya kazi hiyo ndani ya mawe. Tanzanaiti, iliyofahamika duniani tangu 1967, ni zoisaiti ambamo vanadiamu kidogo imekaa mahali pa aluminiamu, na wanasayansi wanaihusisha rangi yake hasa na metali hiyo. Ukanda huohuo hutoa pia tsavoraiti, garneti ya kijani inayopatikana vilevile Taita-Taveta nchini Kenya, nayo rangi yake inatokana kwa sehemu kubwa na vanadiamu yenye chaji ya 3. Katika garneti, oksijeni zimepangwa kwa ulinganifu, na jiwe ni la kijani kutoka kila upande. Katika zoisaiti mpangilio umepinda, kwa hiyo mwanga unaomezwa hutegemea unapitia upande gani. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na ukahawia, na hupashwa moto wa takribani nyuzi 500 za Selsiasi ili buluu na urujuani vijitokeze.

Ukiuziwa jiwe linaloitwa tanzanaiti, lishike kwenye mwanga mweupe na uligeuze taratibu. Tanzanaiti itahama kati ya buluu na urujuani, wakati kioo kilichotiwa rangi kitabaki na rangi moja upande wowote. Lakini kugeuza jiwe kunakamata kioo tu. Bandia za aina nyingine zinahitaji vipimo vya mtaalamu wa vito, na ni vema umwone kabla hujalipa.