Neno "kusafisha" na meza ya machinga

Oktoba 2021, machinga wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara. Neno lililozoeleka katika taarifa za namna hiyo ni "kusafisha jiji". Kinachosafishwa ni uchafu. Basi kabla msikilizaji hajafikiri, meza ya mama anayeuza soksi imekwisha kuwa taka.

Miaka mitatu nyuma, muuzaji huyohuyo aliitwa mjasiriamali mdogo, akauziwa kitambulisho kwa shilingi 20,000. Meza haikubadilika. Jina ndilo lililobadilika.

Antonio Gramsci, Mtaliano aliyefungwa na utawala wa Mussolini mwaka 1926, aliandika gerezani kuhusu mamlaka ya aina hii. Aliona kwamba wenye nguvu hawategemei virungu peke yake. Hutawala pia kwa ridhaa, pale mtazamo wao unapogeuka kuwa mazoea ya kufikiri ya kila mtu, hata ya yule anayeumia.

Mazoea hayo hushika kwa sababu yana chembe ya ukweli: mwenda kwa miguu kweli hukosa njia. Lakini gari lililoegeshwa juu ya njia hiyohiyo huitwa tatizo la maegesho, wala dereva wake haitwi mvamizi.

Taarifa kama hiyo hupimwa kwa kutazama nani amehojiwa. Mara nyingi ofisa hueleza sababu, na machinga huonyeshwa akifunga mizigo, bila kuulizwa kodi ya fremu ni kiasi gani.