Pensheni ya mwezi huu imekwama wapi?

Mstaafu anapofika siku ambayo simu yake huwa inaita ujumbe wa benki, na mwezi huu haikuita, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba fedha imeliwa. Mara nyingi haijaliwa. Imesimama mahali fulani kati ya mfuko na mkono wake, na mahali penyewe si pengi. Anayezijua sehemu hizo ataamua ndani ya saa moja kama nauli ya kwenda mjini inahitajika, na kama ni ya kwenda benki au ya kwenda ofisi ya mfuko. Asiyezijua atazungushwa: benki itamwambia aulize mfuko, mfuko utamwambia aulize benki.

Tanzania Bara, pensheni ya aliyekuwa mtumishi wa umma hulipwa na PSSSF, mfuko ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Waliofanya kazi sekta binafsi hulipwa na NSSF. Mifuko yote miwili huingiza pensheni ya kila mwezi kwenye akaunti ya benki ya mstaafu mwenyewe. Kwa hiyo hata yule anayesema "pensheni yangu naipokea kwa simu" au "naipokea kwa wakala", kwa kawaida fedha yake imepita benki kwanza. Simu na wakala ni njia za kuitoa. Jambo hilo dogo ndilo linaloeleza makato mengi ambayo wazee hulalamikia.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu anayeishi Mlalo, huko milimani Lushoto. Tuseme pensheni yake ni shilingi 212,000 kwa mwezi, na ujumbe wa benki humfikia kwenye tarehe 24 au 25. Leo ni tarehe 27 na simu iko kimya.

Kabla ya kupanda gari, aulize salio, na zaidi ya salio aombe taarifa fupi ya akaunti, ile orodha ya miamala michache ya mwisho. Anaweza kuipata kwa menyu ya benki kwenye simu yake ya kawaida, kwenye mashine ya kutolea fedha, au kwa wakala wa benki. Atakatwa kidogo, lakini ni kidogo kuliko nauli. Salio peke yake linaweza kumdanganya, kwa sababu halionyeshi kilichoingia na kilichotoka. Taarifa fupi humwonyesha moja kati ya mambo matatu.

La kwanza, pensheni imeingia na ipo. Basi kilichokwama ni ujumbe. Hutokea sana kwa mtu aliyebadilisha laini: benki bado inatuma taarifa kwenye namba ya zamani. Hili halipaswi kuchukuliwa kirahisi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na baadaye namba ile ile hupewa mteja mwingine. Mtu usiyemjua anaanza kusoma habari za akaunti yako, na kama namba hiyo ndiyo iliyosajiliwa kwa huduma za benki kwenye simu, hatari ni kubwa zaidi. Siku ile ile unayobadilisha laini, nenda tawini na kitambulisho cha Taifa ubadilishiwe namba, kisha uupe na mfuko namba hiyo. Ni ofisi mbili tofauti; kuiambia moja hakuifikishi habari kwa nyingine.

La pili, pensheni imeingia na ikatoka siku hiyo hiyo, yote au sehemu yake. Hapo kuna deni. Benki kadhaa hukopesha wastaafu na kujilipa kutoka kwenye pensheni inapoingia. Mkopo wa namna hiyo ni halali, na aliyeusaini ana haki ya kupewa ratiba ya marejesho inayoonyesha mwezi wa mwisho wa kukatwa. Wengi hawaiombi, wakajikuta hawajui kama bado wanadaiwa. Ibaya zaidi ni mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu, ambapo mkopeshaji huchukua kadi ya benki ya mstaafu pamoja na namba ya siri. Pensheni ikiingia, yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Aliyekwishaingia humo asisubiri huruma: aende tawini aombe kadi ile ifungwe, apewe mpya na namba mpya ya siri, kisha deni lizungumzwe pembeni, mbele ya serikali ya mtaa au mahakama ikibidi. Kufunga kadi hakufuti deni. Kunarudisha pensheni mikononi mwa mwenyewe.

La tatu, hakuna kilichoingia kabisa. Hapa ndipo mwalimu wetu aache kuigombeza benki, kwa sababu benki haiwezi kutoa isichopokea. Mfuko ndio unaojua jibu, na majibu ya kawaida ni mawili: uhakiki, au fedha kurudishwa.

Uhakiki ni kuthibitisha kwamba mlipwaji yu hai. Upo kwa sababu akaunti haijui kifo. Ndugu mwenye kadi na namba ya siri anaweza kuendelea kutoa fedha miezi na miezi baada ya mazishi, na fedha hiyo mfuko una haki ya kuidai irudishwe. Asiyehakikiwa kwa wakati husimamishiwa malipo. Zamani ilimaanisha foleni na alama za vidole, na wazee walioshika jembe maisha yao yote walipata shida kwa kuwa vidole vyao vimesuguliwa hata mashine haivisomi. Sasa wa PSSSF wanaweza kuhakikiwa kwa simu janja kupitia programu ya PSSSF Kiganjani, inayotambua sura. Asiye na simu hiyo anaweza kutumia ya mwanawe mbele ya macho yake, au kwenda ofisi ya mfuko. Aliyelazwa au asiyeweza kutembea, ndugu autaarifu mfuko mapema. Kunyamaza ndiko kunakomponza. Akishahakikiwa, malipo hurejeshwa pamoja na malimbikizo, ila kwa kawaida huja na mzunguko unaofuata wa malipo, si jioni ile.

Kurudishwa ni jambo tofauti. Mfuko umetuma, benki imeshindwa kuiweka fedha mahali pake ikairudisha. Sababu zake huwa ni akaunti iliyofungwa, akaunti iliyolala kwa kukosa kutumiwa na mwenyewe kwa muda mrefu, tarakimu moja iliyokosewa, au majina yasiyofanana. Majina yanawatesa hasa kina mama. Kazini aliitwa kwa jina la baba, kitambulisho cha Taifa kikatoka na jina la mume, na benki ikaandika kifupi. Dawa yake ni kiapo cha majina kinachofanywa mbele ya wakili au hakimu, nakala zikapelekwa benki na kwenye mfuko. Kifanye sasa ungali na nguvu. Warithi wako wataulizwa majina hayo hayo.

Anayetaka kuhamisha pensheni kwenda benki nyingine afanye kwa utaratibu huu: afungue akaunti mpya, aupelekee mfuko maombi ya maandishi na uthibitisho wa akaunti kutoka benki, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha akaunti ya zamani aiache wazi mpaka pensheni ya kwanza itue kwenye mpya. Orodha ya malipo hufungwa kabla ya siku ya kulipa, hivyo barua iliyofika katikati ya mwezi huenda ikaanza kufanya kazi mwezi unaofuata. Anayefunga akaunti ya zamani siku anayofungua mpya anajinyima mwenyewe.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Tuseme fedha imeingia, 212,000, na tawi liko mbali. Ana njia mbili za kijijini. Akiisukuma kwenda M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine, benki itakata ada ya kuhamisha, na akifika kwa wakala wa simu atakatwa tena ada ya kutoa. Amelipia fedha moja mara mbili. Akienda kwa wakala wa benki yake mwenyewe, na kadi au na simu, anakatwa ada ya kutoa peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, kuhamisha ni shilingi 2,000, kutoa kwenye simu ni 4,500 na kutoa kwa wakala wa benki ni 3,000. Tofauti ni 3,500 kwa mwezi, sawa na 42,000 kwa mwaka. Viwango halisi hutofautiana kati ya benki na benki, na wakala anapaswa kuvibandika panapoonekana. Vilevile ada hupangwa kwa madaraja ya kiasi, kwa hiyo kutoa 50,000 mara nne kwa kawaida ni ghali kuliko kutoa 200,000 kwa mkupuo. Simu inafaa pale unapolipia umeme, unapomtumia mjukuu, au unapoogopa kulala na fedha ndani. Hapo hamisha kiasi cha matumizi hayo tu.

Kwa wakala wa benki, ada hukatwa na mfumo kwenye akaunti. Wakala asidai nyingine mkononi. Wapo pia wanaogawa muamala mmoja kuwa miwili ili wapate kamisheni mbili. Utawatambua kwa ujumbe mbili au risiti mbili za kiasi kilichogawanywa. Soma risiti kabla hujaondoka dirishani. Na wakala akikuambia hana keshi, huenda anasema kweli: mishahara ya serikali huingia siku zinazokaribiana na pensheni, na kijiji kizima hutoa. Jaribu jioni, wenye maduka wanapoweka mauzo yao kwake.

Mtandao ukikatika ukaambiwa muamala umegoma, usirudie papo hapo. Angalia salio kwanza. Kama fedha imekatwa na hukupewa, omba risiti yenye namba ya kumbukumbu na uwapigie benki siku hiyo hiyo. Benki isipotatua, andika malalamiko rasmi, kisha upeleke Benki Kuu ya Tanzania, yenye dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Bila namba ya kumbukumbu na tarehe, malalamiko hayaendi mbali.

Akikupigia mtu akijiita afisa wa mfuko, akasema una malimbikizo ila utume kwanza ada au utaje namba ya siri, kata simu. Mfuko hulipa mafao bila kudai hongo wala ada ya kuyafungulia, na hakuna afisa anayehitaji namba yako ya siri.

Mzee wangu, mama yangu, kama tangu ulipostaafu umebadilisha laini, jina, benki au makazi, wiki hii ipelekee benki habari hiyo, kisha uipeleke na kwenye mfuko, na uombe muhuri kwenye nakala yako.